Muhtasari wa Matawi Manne: Takwimu Zinavyovutwa na Viungo Vinavyokatika

Kiungo kati ya mafaili mawili ya Excel ni anwani, si zaidi ya hapo. Ndani ya seli ya faili la muhtasari huandikwa folda, jina la faili, jina la shiti na seli inayotakiwa. Excel huifuata anwani hiyo, husoma inachokikuta na kukileta. Haijui kama ilichokikuta ni akiba au mikopo, wala kama ni cha mwezi huu au cha mwezi uliopita. Matatizo mengi ya ripoti zinazokusanywa kutoka mafaili mengi huanzia hapo, na yale mabaya kuliko yote si yale yanayojaza skrini alama za makosa.

Chukulia SACCOS yenye matawi manne mkoani Mbeya: Tukuyu, Kyela, Mbalizi na Chunya. Kila tawi lina faili lake, na mafaili yote yamo kwenye folda moja ya seva inayofikiwa na matawi yote. Mhasibu wa makao makuu ana faili la tano, Muhtasari.xlsx, linalovuta takwimu za matawi ili bodi ione ukurasa mmoja badala ya minne. Kila faili la tawi lina shiti iitwayo Mwezi. Safu ya A ina maelezo na safu ya B ina kiasi: mstari wa 4 ni akiba zilizopokelewa, wa 5 ni hisa, wa 6 ni marejesho ya mikopo na wa 7 ni mikopo iliyotolewa.

Njia rahisi ya kutengeneza kiungo ni kufungua mafaili yote mawili, kuandika alama ya = kwenye seli ya muhtasari, kuhamia faili la tawi, kubofya seli inayotakiwa na kubonyeza Enter. Anwani itaandikwa na Excel yenyewe, na hilo ni afadhali kuliko kuiandika kwa mkono, kwa kuwa nukta moja ikikosewa kiungo hakifanyi kazi. Faili la Tukuyu likiwa wazi, fomula huwa fupi. Likifungwa, Excel huongeza njia nzima ya folda bila kuulizwa:

```
='\\SEVA\Ripoti\2025-03\[Tukuyu.xlsx]Mwezi'!$B$7
```

Alama za dola kwenye $B$7 nazo huwekwa na Excel yenyewe kila seli ya faili jingine inapobofywa. Maana yake ni kwamba anwani haibadiliki fomula inapoburutwa. Asiyelijua hilo huburuta fomula ya akiba kushuka mistari mitatu, akaona kiasi kilekile cha akiba kikijirudia kwenye hisa, marejesho na mikopo. Dawa ni kurudi kwenye fomula ya kwanza, kuweka kishale kwenye anwani na kubonyeza F4 mara tatu hadi dola zote ziondoke, kisha kuburuta upya.

Kuna jambo la kuamua kabla ya kiungo cha kwanza kutengenezwa, nalo ni namna ya kuifungua folda ya seva. Katika ofisi nyingi folda hiyo hupewa herufi, labda Z, ili ionekane kama diski ya kompyuta. Tabu ni kwamba herufi hiyo ni ya kompyuta husika tu. Kwa mhasibu inaweza kuwa Z, kwa meneja ikawa Y, na kompyuta ya tatu isiwe na herufi kabisa. Excel hukiandika kiungo kwa kufuata jinsi faili la chanzo lilivyofunguliwa. Likifunguliwa kupitia Z, anwani itaanza na Z, na meneja akifungua muhtasari kwenye kompyuta yake anaweza kuambiwa vyanzo havipatikani. Likifunguliwa kwa jina kamili la seva, linaloanza na mikwaju miwili kama kwenye fomula iliyo hapo juu, anwani itafanya kazi kwenye kila kompyuta yenye ruhusa ya kuiona seva hiyo.

Viungo vikishawekwa, faili la muhtasari huhifadhi vitu viwili kwa kila seli: anwani, na thamani ya mwisho iliyopatikana kutoka kwenye anwani hiyo. Thamani hiyo ya akiba ndiyo inayowezesha muhtasari kufunguka na kuonyesha takwimu hata mtandao ukiwa umekatika. Ndiyo pia inayowapotosha watu. Faili linapofunguliwa, Excel huweka utepe wa njano wenye maneno SECURITY WARNING na kitufe cha Enable Content, au huuliza kwa kisanduku chenye vitufe vya Update na Don't Update. Anayefunga utepe huo kwa haraka, au anayechagua Don't Update, haoni kosa lolote. Anaona takwimu kamili, zilizopangwa vizuri, ambazo ni za mara ya mwisho faili liliposasishwa. Vyanzo vikikosekana, ujumbe hubadilika: Excel husema imeshindwa kusasisha baadhi ya viungo na kutoa vitufe vya Continue na Edit Links. Continue nayo huacha takwimu za zamani zikae kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hata anayebonyeza Update hupata kile kilichohifadhiwa mara ya mwisho kwenye faili la tawi. Karani wa Kyela akiwa ameingiza miamala ya siku nzima bila kuhifadhi, makao makuu hawataiona. Kwa hiyo pamoja na kiasi, inafaa kuvuta tarehe. Kila faili la tawi liwe na seli moja, kwa mfano B2, ambamo karani huandika tarehe ya mwisho ya kufunga hesabu, na muhtasari uionyeshe tarehe hiyo mbele ya jina la tawi. Kama mbele ya Tukuyu, Mbalizi na Chunya pameandikwa 31/03/2025, na mbele ya Kyela 28/02/2025, hakuna haja ya kukisia tawi gani halijaleta hesabu. Tarehe hiyo iandikwe kwa mkono. Fomula ya TODAY() haifai hapa, maana hujisasisha kila faili linapokokotolewa upya, hata kama karani hajagusa hesabu.

Kosa lenye hasara kubwa zaidi hutokea bila mtu yeyote kufanya jambo baya. Mwezi wa Machi mikopo iliyotolewa na matawi ni kama ifuatavyo: Tukuyu 25,000,000, Kyela 19,500,000, Mbalizi 31,200,000 na Chunya 14,300,000. Jumla ni shilingi 90,000,000. Karani wa Tukuyu anapokea kwa mara ya kwanza amana za muda maalumu, shilingi 3,600,000, na kwa kuwa hazina mstari wake, anaongeza mstari mpya chini ya hisa. Ni jambo la busara kabisa. Ndani ya faili lake kila kitu kinasogea sawasawa: amana zinakaa mstari wa 6, marejesho yanashuka hadi wa 7, mikopo iliyotolewa inashuka hadi wa 8, na fomula zake zote zinajirekebisha zenyewe.

Muhtasari haukuwa wazi wakati huo, kwa hiyo haukuambiwa. Bado unaenda B7. Ni kama mgeni aliyeelekezwa nyumba ya tatu kutoka kisimani: ikijengwa nyingine katikati, atabisha hodi kwa jirani bila kujua. Safari hii B7 ina marejesho, shilingi 11,720,000, na kiasi hicho ndicho kinachoingia kwenye mstari wa mikopo iliyotolewa ya Tukuyu. Jumla ya matawi inakuwa 76,720,000 badala ya 90,000,000. Wakati huohuo B6, iliyokuwa ya marejesho, inaleta amana. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo, na kila tarakimu iliyo kwenye ukurasa ni tarakimu halali ya tawi la Tukuyu, ila imekaa mahali pasipo pake. Kama mafaili yote mawili yangekuwa wazi kwenye kompyuta moja wakati mstari unaongezwa, Excel ingekirekebisha kiungo kuwa B8. Lakini mafaili ya pamoja hayafanyiwi kazi hivyo. Karani yuko Tukuyu na mhasibu yuko Mbeya mjini.

Kinga ni kuacha kuielekeza Excel kwa nafasi na kuielekeza kwa jina. Kwenye faili la Tukuyu, karani anachagua seli yenye kiasi cha mikopo, anabofya kisanduku kidogo kilicho kushoto kwa sehemu ya fomula, pale panaposomeka B7, anaandika MikopoIliyotolewa bila nafasi katikati, kisha anabonyeza Enter. Seli imepata jina. Muhtasari sasa unaandikwa hivi:

```
='\\SEVA\Ripoti\2025-03\Tukuyu.xlsx'!MikopoIliyotolewa
```

Mabano ya mraba na jina la shiti vimeondoka, kwa kuwa jina ni mali ya faili zima. Karani akiongeza mstari, jina husogea na seli yake ndani ya faili la Tukuyu lenyewe, na muhtasari ukija kuuliza baadaye huelekezwa mahali sahihi. Vivyo hivyo shiti ikibadilishwa jina kutoka Mwezi kuwa Machi, kiungo cha nafasi hupotea lakini cha jina hubaki. Sharti ni kwamba jina lielekezwe kwenye seli halisi. Majina yanayotengenezwa kwa fomula kama OFFSET, ili yajipanue yenyewe, hayasomeki faili la chanzo likiwa limefungwa.

Ambapo matawi hayawezi kuwekewa majina, labda kwa sababu mafaili yanatoka kwenye mfumo mwingine, njia ya pili ni kutafuta kwa maelezo yaliyo safu ya A:

```
=VLOOKUP("Mikopo iliyotolewa",
 '\\SEVA\Ripoti\2025-03\[Tukuyu.xlsx]Mwezi'!$A$1:$B$40,2,FALSE)
```

Fomula hii hutafuta maneno hayo popote yalipo kati ya mstari wa 1 na wa 40, ikaleta kiasi kilicho safu ya pili. Neno FALSE mwishoni ni la lazima. Bila hilo Excel huridhika na kinachokaribiana na kuleta kiasi kingine. Udhaifu wake ni kwamba karani akiandika "Mikopo ilotolewa" matokeo ni #N/A. Hata hivyo huo ni udhaifu wenye manufaa, kwa kuwa tawi lililokosewa linajitaja lenyewe.

Ndiyo maana desturi ya kuzungushia kila kiungo IFERROR na kuweka sifuri panapotokea kosa ni desturi mbaya kwenye muhtasari. Ukurasa unapendeza, lakini tawi zima linaweza kutoweka na kubaki sifuri ambayo msomaji ataielewa kuwa mwezi huo hapakutolewa mkopo. Sifuri yenyewe tayari ina utata: seli ya chanzo ikiwa tupu, kiungo huleta 0. Anayetaka ukurasa nadhifu aweke maneno badala ya tarakimu, kwa mfano "HAIJAPATIKANA", ili tawi lililokosekana lijulikane.

Ziko pia fomula zinazokubali faili la chanzo lililofungwa na zinazokataa, na tofauti hiyo huwashangaza wengi kwa kuwa fomula ilifanya kazi vizuri siku ilipotengenezwa. Sababu ni kwamba siku hiyo mafaili yote yalikuwa wazi. SUMIF na COUNTIF zikielekezwa kwenye faili lililofungwa hutoa #VALUE!. INDIRECT, ambayo hupendwa kwa sababu inaruhusu jina la tawi lichukuliwe kutoka kwenye seli nyingine, hutoa #REF!. SUM, INDEX, VLOOKUP na SUMPRODUCT hazina shida hiyo. Lililo rahisi zaidi ni kuacha hesabu zote zifanyike kwenye faili la tawi, kisha muhtasari uvute jibu tu. Kama makao makuu wanataka mikopo ya kilimo peke yake, SUMIF iandikwe Tukuyu na seli yake ipewe jina MikopoKilimo.

Tatizo jingine la takwimu zinazoonekana lakini hazihesabiki linatokana na mazoea ya kuandika fedha. Karani anayeandika 14,300,000/= kama anavyoandika kwenye stakabadhi ameandika maneno, si namba. Kiungo hukileta kiasi hicho kama kilivyo, macho hukisoma, lakini SUM hukiruka kimyakimya na Chunya haiingii kwenye jumla. Dalili ni kwamba, kama seli haikupangiwa upande wowote, maandishi hukaa kushoto na namba hukaa kulia. Mpangilio ukiwa umekwisha kubadilishwa, fomula ya =ISNUMBER(C7) humaliza ubishi: jibu la FALSE lina maana kwamba kiasi ni maneno. Alama ya shilingi iwekwe kwa mpangilio wa seli, isiandikwe pamoja na tarakimu.

Kiungo kilichokatika waziwazi ni rahisi kushughulikia, mradi kijulikane kimekatikia wapi. Pa kuanzia ni menyu ya Data, kwenye Edit Links, ambayo katika matoleo mapya ya Microsoft 365 huitwa Workbook Links. Orodha hiyo huonyesha kila faili ambalo muhtasari unalitegemea. Katika dirisha la Edit Links, kitufe cha Check Status hueleza hali ya kila moja. Likiandikwa OK, chanzo kimeonekana. Likiandikwa Error: Source not found, faili limehamishwa, limebadilishwa jina au limefutwa, au seva haifikiki. Likiandikwa Error: Worksheet not found, faili lipo ila shiti imebadilishwa jina. Mafaili yote manne yakionekana kupotea kwa pamoja, haielekei kuwa makarani wanne wamekosea siku moja. Kwanza ijaribiwe kufungua folda ya seva yenyewe.

Faili lililobadilishwa jina au kuhamishwa hurekebishwa kwa Change Source. Mhasibu huchagua Tukuyu.xlsx kwenye orodha, hubonyeza kitufe hicho, hulionyesha faili jipya, na viungo vyote vilivyokuwa vikielekea faili la zamani huhamia jipya kwa mkupuo mmoja. Kurekebisha fomula moja moja kwa mkono ni kupoteza muda, tena huacha moja au mbili zilizosahaulika, ambazo zitaendelea kuleta takwimu za zamani. Baada ya kuhamisha, takwimu mbili au tatu zilinganishwe na faili la tawi, kwa sababu Change Source haikagui kama faili jipya limepangwa kama la zamani.

#REF! iliyo ndani ya fomula yenyewe, mahali palipokuwa na B7, ni jambo tofauti. Hiyo huonyesha kwamba seli au mstari ulifutwa wakati mafaili yote mawili yakiwa wazi, na Excel imeisahau anwani kabisa. Hapo Change Source haisaidii. Fomula huandikwa upya, au hunakiliwa kutoka nakala ya faili iliyohifadhiwa kabla ya kosa.

Mwanzo wa mwezi huleta mkanganyiko wake. Aprili inapoanza, watu hutengeneza folda mpya kwa njia mbili zinazofanana kwa macho. Njia ya kwanza ni kunakili folda nzima ya 2025-03, yenye mafaili yote matano, na kuiita 2025-04, bila kuifungua Excel. Kwa kuwa muhtasari na vyanzo vyake vilikuwa folda moja, Excel huvitafuta vyanzo kando ya muhtasari, kwa hiyo nakala ya Aprili husoma matawi ya Aprili. Njia ya pili ni kufungua muhtasari wa Machi na kuuhifadhi kwa Save As kwenye folda ya Aprili. Hapo Excel huchukulia kwamba ni muhtasari tu uliohama na vyanzo vimebaki, ikaendelea kuelekeza viungo folda ya Machi. Takwimu za Machi zitaonekana chini ya kichwa cha Aprili, na jumla zote zitakubaliana, kwa kuwa ni za Machi kweli. Njia yoyote itakayotumika, njia za mafaili kwenye Edit Links zisomwe mara moja kabla ya kazi ya mwezi kuanza. Na kama matawi yanavutwa kwa tarehe, kama ilivyoelezwa, kosa hilo litaonekana kwenye ukurasa wenyewe.

Wakati mwingine Excel huendelea kuulizia faili ambalo hakuna anayelikumbuka, na seli zote zikikaguliwa hazina kiungo nalo. Kiungo cha namna hiyo huwa kimejificha nje ya fomula za kawaida. Utafutaji huanza kwa Ctrl+F, ukiandika .xlsx, ukichagua Workbook kwenye Within na Formulas kwenye Look in. Kisipopatikana, Ctrl+F3 hufungua Name Manager, na mara nyingi hapo huonekana jina la zamani lililokuja pamoja na shiti iliyonakiliwa kutoka faili jingine. Pakikosekana, hubaki chati, orodha za Data Validation na kanuni za Conditional Formatting, ambazo hukaguliwa shiti kwa shiti. Kazi hiyo inachosha, lakini njia ya mkato haipo.

Ofisi zinazotumia Google Sheets hukutana na mambo hayohayo kwa sura tofauti kidogo. Huko takwimu huvutwa kwa fomula moja:

```
=IMPORTRANGE("https://docs.google.com/spreadsheets/d/KITAMBULISHO/edit";"Mwezi!B4:B7")
```

Kitenganishi kati ya sehemu hizo mbili huwa nukta mkato au mkato, kutegemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya faili. Mara ya kwanza fomula huonyesha #REF!, na ukisogeza kishale juu yake hutokea kitufe cha Allow access. Kikibonyezwa, mafaili mawili huunganishwa. Faida ni kwamba faili hutambuliwa kwa kitambulisho chake kirefu, si kwa jina wala folda, hivyo karani anaweza kulihamisha au kulibadilisha jina bila kukata chochote. Hasara ni kwamba "Mwezi!B4:B7" ni maandishi ndani ya alama za nukuu, na maandishi hayajirekebishi kamwe, hata mafaili yote yakiwa wazi. Kile kisa cha mstari wa amana wa Tukuyu hutokea huku kwa urahisi zaidi, na dawa yake ni ileile: seli ya chanzo ipewe jina kupitia Named ranges, na jina hilo liandikwe badala ya Mwezi!B4:B7.

Ruhusa iliyotolewa kwa Allow access hubaki hai mpaka aliyeitoa aondolewe kwenye faili la chanzo. Mhasibu akihama kazi na akaunti yake ikaondolewa kwenye mafaili ya matawi, muhtasari unaweza kukatika ingawa hakuna fomula iliyoguswa. Ni bora ruhusa hizo zitolewe na akaunti ya ofisi ambayo haiondoki na mtu.

Matawi yakizidi kumi, viungo vya seli kwa seli huwa mzigo, na Excel ina chombo kingine, Power Query. Kupitia Data, Get Data, From File na From Folder, huonyeshwa folda badala ya faili, nacho husoma kila faili lililomo na kuyapanga yote kwenye jedwali moja. Tawi jipya huongezwa kwa kuweka faili lake kwenye folda na kubonyeza Refresh. Kinachohitajika ni mafaili yawe na umbo moja: shiti iliyobadilishwa jina husimamisha kazi yote kwa ujumbe usemao "The key didn't match any rows in the table", na kichwa cha safu kilichoandikwa tofauti huleta ujumbe kwamba safu hiyo haikuonekana. Folda nayo isiwe na vitu vingine. Nakala ya Tukuyu iliyoachwa humo huhesabiwa kama tawi la tano, na karani akiwa amefungua faili lake, hutokea faili dogo lililofichwa liitwalo ~$Tukuyu.xlsx ambalo si hesabu. Kichujio cha kuondoa majina yanayoanza na ~$ huwekwa mara moja tu, mwanzoni.

Mwezi ukishafungwa na bodi ikapitisha hesabu, viungo havina kazi tena kwenye nakala ya kumbukumbu, wala kwenye nakala inayopelekwa kwa mkaguzi ambaye hana njia ya kuifikia seva. Hapo ndipo mahali pa Break Link, inayogeuza kila fomula yenye kiungo kuwa tarakimu tupu. Kitendo hicho hakirudishwi kwa Ctrl+Z, kwa hiyo hutanguliwa na Save As yenye jina jipya, kama Muhtasari-2025-03-IMEFUNGWA.xlsx, na kukata hufanywa kwenye nakala hiyo pekee. Mkaguzi akiifungua hataulizwa Update wala Don't Update, na karani wa Tukuyu akisahihisha muamala wa Machi mwezi wa Juni, tarakimu zilizosainiwa hazitabadilika.